Ombi la tiki ya bluu Instagram limekataliwa? Kagua jina na linki zako kabla hujatuma tena

Unafungua simu asubuhi, kwenye arifa za Instagram kuna ujumbe mfupi: ombi lako la tiki ya bluu limekataliwa, akaunti haijakidhi vigezo. Kigezo kipi? Hawasemi. Wewe una wafuasi laki moja na themanini, posti zako zinazungumziwa mtaani, halafu kuna mtu unamfahamu ana wafuasi elfu tisa tu na tiki anayo.

Tuanze na hilo la wafuasi kwa sababu ndilo linalouma wengi. Kwenye vigezo vya Instagram hakuna mahali paliposemwa lazima uwe na wafuasi wangapi. Akaunti ya wafuasi milioni inaweza kukataliwa na ya elfu tisa ikapita. Na huyo wa elfu tisa huenda hata hakuomba kwa njia uliyoomba wewe. Tangu mwaka 2023 Instagram ina njia mbili za kupata tiki: ya kulipia kila mwezi, inayoitwa Meta Verified, na ile ya zamani isiyo na malipo, ya watu na chapa zinazojulikana. Tiki zenyewe zinafanana, kwa hiyo ukiangalia tu huwezi kujua nani kalipa na nani hakulipa.

Makala hii inahusu hiyo ya bure, kwa sababu ndiyo inayokataliwa sana na ndiyo watu wanayoielewa vibaya.

Wanachoangalia

Instagram wanataka vitu vinne. Akaunti iwe ya kweli, yaani nyuma yake kuna mtu halisi au biashara iliyosajiliwa. Iwe ya pekee, maana mtu mmoja au chapa moja inapewa tiki kwenye akaunti moja tu, isipokuwa akaunti za lugha tofauti. Kurasa za vichekesho, nukuu au picha za magari tu hazihesabiwi hapa. Iwe imekamilika: iko wazi kwa umma, ina picha, ina maelezo mafupi ya wasifu, na inatumika. Cha nne, mwenye akaunti awe anajulikana, anatafutwa na watu, na ameandikwa na vyombo vya habari zaidi ya kimoja.

Hicho cha kukamilika hakina shida, dakika tano zinatosha. Kama akaunti yako umeifunga iwe ya faragha, ifungue kabla ya kuomba. Wanaokataliwa wengi hukwama sehemu mbili: jina kwenye nyaraka haliendani na jina la akaunti, na ushahidi wa kujulikana ni wa kulipia.

Mfano: mbunifu wa mavazi wa Sinza

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wenye makosa ninayoyaona kila mara. Kuna dada ni mbunifu wa mavazi, ana duka Sinza, Dar es Salaam. Akaunti yake ya Instagram ina jina la lebo yake ya nguo, si jina lake. Picha ya wasifu ni nembo ya lebo. Wafuasi laki moja na themanini. Anavalisha wasanii, kazi yake inajulikana.

Anaingia kwenye "Settings", anaandika neno "verification" kwenye kisanduku cha kutafuta juu (fanya hivyo na wewe, maana menyu zao zinahamahama kila wakisasisha programu), anafungua "Request verification". Fomu inauliza jina kamili. Anaandika jina lake alilopewa na wazazi. Inataka nyaraka, anapiga picha kitambulisho chake cha NIDA. Sehemu ya "Category" anachagua "Fashion". Kwenye "Also known as" anaacha wazi. Sehemu ya linki anaweka tano: tovuti ya duka lake, akaunti yake ya TikTok, na blogu tatu zilizoandika kuhusu yeye. Anatuma.

Anakataliwa. Na ukimsoma kama msomaji wa nje asiyemjua, unaona kwa nini.

Kosa la kwanza: akaunti ni ya lebo, kitambulisho ni cha mtu

Mtu anayepitia ombi hilo anaona akaunti yenye jina la lebo na nembo ya lebo, halafu kitambulisho kina jina la mwanamke fulani na picha yake. Hakuna karatasi yoyote iliyowekwa pale inayounganisha hivyo viwili. Kwake yeye, huyo anaweza kuwa mwenye lebo, anaweza kuwa mfanyakazi wa dukani, au mtu aliyefungua akaunti ya uongo kwa jina la lebo ya mwenzake. Kazi yake ni kuzuia hicho cha mwisho.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kugusa fomu ni hili: unaomba tiki ya nani? Ya wewe kama mtu, au ya biashara? Jibu likishakuwa moja, kila kitu kwenye fomu kifuate jibu hilo.

Kama ni ya mtu, nyaraka ni kitambulisho cha serikali chenye jina na picha: kitambulisho cha taifa, pasipoti au leseni ya udereva. Akaunti nayo ifanane na mtu, uso wako uwe kwenye picha ya wasifu na jina la kuonyeshwa liwe lako au lile la kisanii unalojulikana nalo. Jina la kisanii halina tatizo. Hata Diamond Platnumz jina lake la kuzaliwa ni Naseeb Abdul Juma, na hakuna anayebisha kwamba ni yeye, kwa sababu majina hayo mawili yameandikwa pamoja kwenye habari nyingi. Hapo ndipo pa kujifunzia. Sehemu ya "Also known as" ambayo dada yetu aliiacha tupu ndiyo mahali pa kuandika jina la kisanii, na inasaidia sana kama angalau linki moja uliyoweka inataja majina yote mawili, kwa mfano "fulani, ambaye jina lake halisi ni fulani". Kama bado hujawahi kuandikwa hivyo, siku ukihojiwa mwombe mwandishi aliweke. Kwetu sisi waandishi ni sentensi moja tu, haituumizi.

Kama ni ya biashara, kitambulisho chako binafsi hakitoshi. Instagram wanataja nyaraka za namna hii: ritani ya kodi, bili ya karibuni ya huduma kama maji au umeme, au hati za kuanzisha kampuni. Sasa hapa Tanzania kuna vikwazo ambavyo wenyewe California hawavijui. Umeme wengi tunanunua kwa LUKU, unapata namba za kuingiza kwenye mita, hupati bili ya kila mwezi yenye jina la biashara. Bili ya maji ipo, lakini ukipanga fremu mara nyingi ina jina la mwenye nyumba. Kwa hiyo kwa wengi wetu zinabaki karatasi za BRELA na za TRA.

Na hapa kuna tofauti ambayo watu wanaipuuza. Ukisajili kampuni BRELA, unapata cheti chenye jina la kampuni pamoja na katiba ya kampuni, na kampuni inakuwa na namba yake ya mlipakodi. Karatasi zote zina jina la kampuni, safi kabisa. Ukisajili jina la biashara tu, ambalo ni rahisi na ndilo wajasiriamali wadogo wengi wanalo, biashara hiyo kisheria bado ni wewe mwenyewe. Karatasi za kodi zinaweza kutoka na jina lako badala ya la lebo. Kabla ya kupakia, ifungue uisome: jina lililo kwenye akaunti lionekane pale, herufi kwa herufi. Kama lebo inaitwa hivi Instagram na karatasi inasema vile, hujamaliza kazi. Zanzibar usajili huo unafanywa na BPRA, na Kenya unapitia BRS kwenye eCitizen, lakini mtego ni uleule.

Kuna hali nyingine ya kati: kampuni ina jina moja, bidhaa ina jina jingine, na akaunti iko kwa jina la bidhaa. Hapo njia nyepesi ni kuandika jina la kampuni kwenye maelezo ya wasifu na kwenye tovuti, na kwenye fomu kuweka jina la bidhaa pale "Also known as". Ukiweza, sajili pia jina la bidhaa kuwa la kampuni yako. Usimwachie anayekagua kazi ya kubahatisha.

Jambo dogo lakini linaua maombi: picha ya nyaraka yenyewe. Pembe zote nne zionekane, mwanga wa taa usipige kwenye jina, na usitume kipande kilichokatwa. Usihariri chochote, hata kama nia yako ni kuongeza mwanga tu kwenye programu ya picha. Taarifa za uongo kwenye ombi hili zinaweza kukugharimu tiki na hata akaunti nzima.

Kosa la pili: linki tano, habari hakuna

Turudi kwa dada yetu. Linki tano zilionekana nyingi, lakini ukizifungua moja moja mambo yanabadilika.

Tovuti ya duka ni ya kwake. Hiyo ni yeye anajisema. TikTok ni ya kwake pia, inasaidia kuonyesha kwamba yupo, ila haithibitishi kwamba anajulikana. Zimebaki blogu tatu. Ukisoma ya kwanza: kichwa cha habari, aya tatu, picha mbili, namba ya simu ya kuagiza nguo. Ya pili: kichwa kilekile, aya zilezile, picha zilezile. Ya tatu hivyohivyo, na zote zimetoka wiki moja. Kila mtu anayefanya kazi kwenye mitandao hapa nchini anajua hiyo ni nini. Ni tangazo la kulipia, umelipa kwa posti na blogu zikabandika maandishi uliyowatumia.

Instagram wanasema wazi kwamba maudhui ya kulipia au ya matangazo hayahesabiwi kama chanzo cha habari. Kwa hiyo katika linki tano, zilizohesabika ni sifuri. Pesa ya blogu tatu imekwenda na haijanunua kitu kwa upande wa tiki.

Habari inayohesabika ni ile ambayo chombo kiliamua chenyewe kuandika, na wewe ndiye habari au sehemu kubwa ya habari. Gazeti limefanya mahojiano na mbunifu huyu kuhusu kazi zake: inahesabika. Televisheni imeripoti onyesho la mavazi na kumweka yeye kama mshiriki mkuu: inahesabika. Orodha ya "wabunifu 20 waliohudhuria" ambamo jina lake ni la kumi na nne: dhaifu. Habari kuhusu msanii aliyevaa nguo yake bila kumtaja mbunifu: hakuna kitu, hata kama yeye anajua gauni lile alilishona kwa mikono yake usiku kucha.

Kuna kipimo changu rahisi ninachowapa wanaoniuliza. Chukua habari, ondoa jina lako ndani yake. Ikibaki habari kamili bila wewe, basi wewe hukuwa habari. Ya pili: soma mwisho wa ukurasa. Kama kuna namba ya kuagiza, bei, au maneno kama "imedhaminiwa", usiiweke.

Habari ya Kiswahili si tatizo. Fomu inakuuliza nchi na inakupa nafasi ya kueleza watu wanaokufuata ni akina nani, kwa hiyo Mwananchi au BBC Swahili ni chanzo halali kabisa. Huna haja ya kutafuta gazeti la Marekani. Na kama zipo habari mbili tu nzuri, weka hizo mbili. Linki tatu za tangazo zilizobandikwa chini yake hazikuongezei kitu.

Kabla ya kutuma, nakili kila linki na uifungue kwenye simu ya mtu mwingine. Nimeona watu wakiweka linki ambayo habari yake ilishafutwa, au inayomlazimisha msomaji kulipia kwanza. Anayekagua akikuta ukurasa mtupu hatakupigia simu.

Siku thelathini za majaribu

Majibu yanakuja kwenye arifa za ndani ya programu yenyewe, na yanaweza kuchukua hadi siku 30. Ukikataliwa, unaruhusiwa kuomba upya baada ya siku 30. Mbunifu wetu alituma tena baada ya siku nne, kwa hasira, na vitu vilevile. Ombi likiwa na makosa yaleyale hata ukisubiri miezi mitatu ni lilelile.

Katika kipindi hiki ndipo DM zinaanza kumiminika. Wa kwanza anajiita wakala: "Boss, nina mtu wangu ndani, laki tatu tu, siku mbili una tiki." Wa pili ana jina kama la ofisi, nembo ya Meta kwenye picha ya wasifu, na linki ya "kukata rufaa". Huyu wa pili ndiye hatari zaidi, maana linki inafungua ukurasa unaofanana kabisa na wa kuingilia Instagram. Ukiandika nywila na zile namba sita zilizokuja kwa SMS, umempa akaunti. Anabadilisha barua pepe, anabadilisha namba ya simu, na saa hiyohiyo wateja wako wanaanza kutumiwa ujumbe wa kuwekeza pesa. Kwa mfanyabiashara anayeuzia Instagram, hilo ni duka kuvunjwa mchana kweupe.

Namna ya kumtambua ni moja: Instagram hawakujibu ombi la tiki kupitia DM. Kwa barua pepe, ingia mwenyewe kwenye "Settings" kisha "Accounts Center" kisha "Password and security" kisha "Recent emails", utaona barua walizokutumia kweli. Isipokuwepo pale, si yao. Na washa uthibitisho wa hatua mbili leo, tiki au bila tiki.

Huyo wa laki tatu naye hana mlango wa siri. Akiwa na bahati anakujazia fomu ileile uliyojaza wewe, bure. Akiwa mjanja zaidi anakutengenezea habari za kulipia na nyaraka za kughushi, na hapo anayebaki na akaunti iliyofungwa ni wewe.

Mbunifu anatuma tena

Safari hii anaamua: ombi ni la lebo. Ana kampuni aliyoisajili BRELA mwaka jana, jina lake ni sawa na la Instagram isipokuwa neno la mwisho la kikampuni. Anapakia hati za kampuni, picha safi, pembe zote. Jina kamili kwenye fomu: la kampuni. "Also known as": jina la lebo kama watu wanavyoliita. Kwenye maelezo ya wasifu anaongeza mji na tovuti, na tovuti nayo ina jina la kampuni chini ya ukurasa. Linki anaweka tatu tu: mahojiano ya gazeti, taarifa ya televisheni kuhusu onyesho lake, na makala ya mwandishi mmoja wa mitindo iliyolinganisha kazi yake na ya wenzake, hata kukosoa kidogo. Hiyo ya kukosoa aliogopa kuiweka. Mimi ningeiweka ya kwanza, kwa sababu hakuna anayelipia kukosolewa.

Je, atapata? Ombi lake sasa linasomeka, ila uamuzi si wake. Ni kweli pia kwamba angekuwa hana hata mahojiano moja ya kweli, hakuna namna ya kupanga karatasi ingemsaidia.

Kama habari huna

Inabaki ile ya kulipia. Ilipoanza Marekani mwaka 2023 ilikuwa dola 11.99 kwa mwezi ukilipia kwenye tovuti na 14.99 ukilipia kwenye simu. Angalia kwenye "Settings" zako kama "Meta Verified" inaonekana. Kama haipo, haijakufikia, na anayekuambia atakufungulia ni yule wa laki tatu kwa jina jingine. Hii haiulizi habari za magazeti, lakini kwa jina ni kali kuliko ile ya bure: kwa akaunti ya mtu, uwe na miaka 18, na jina na picha ya wasifu vifanane na kitambulisho. Ukija kubadilisha jina au picha, unathibitishwa upya. Ukiacha kulipa, tiki inaondoka.

TikTok wao hawauzi ya kwao. Wanataka akaunti iliyokamilika yenye angalau video moja, barua pepe iliyothibitishwa, uthibitisho wa hatua mbili, na habari kwenye vyombo zaidi ya kimoja. Taarifa kwa vyombo vya habari na maudhui ya kulipia hawayapokei, kwa hiyo linki zile tatu za mbunifu wetu unaweza kuzitumia kulekule. X ni hadithi nyingine: tiki za zamani za bure ziliondolewa Aprili 2023, na ya sasa mtu wa kawaida anailipia. Ukiomba huko, usibadilishe picha wala jina siku hizo, maana mabadiliko ya karibuni yanaweza kukuzuia.